Kioo kizito ukutani: kinashuka, kinagonga, skrubu zinazunguka. Shida iko wapi?

Nafunga vioo vikubwa majumbani na kwenye saluni hapa Dar, na simu nyingi ninazopigiwa sio za kufunga kipya, ni za "fundi njoo uangalie, kioo kama kimeshuka". Kwa hiyo naandika kufuata dalili, maana wewe uliye nyumbani unaona dalili kwanza, sababu imejificha nyuma ya kioo.

Tuelewane kwanza nazungumzia mfumo gani. Ni ule wa vipande viwili pacha: kimoja kinafungwa ukutani, kingine nyuma ya fremu ya kioo, na cha kioo kinakaa juu ya cha ukutani. Ukitumia mbao unachana ubao mmoja kwa urefu, msumeno ukiwa umelazwa digrii 45, unapata pacha mbili zenye mshazari zinazoshikana. Ukinunua dukani ni reli mbili za alumini zenye mdomo uliokunjwa, kazi ni ile ile. Ni mfumo mzuri sana na mimi sifungi kioo cha zaidi ya kilo 15 kwa waya au kwa misumari miwili, lakini una sehemu zake za kukuangusha.

Na kabla ya dalili yoyote, ujue kioo chako kina kilo ngapi. Usikisie kwa kukinyanyua. Hesabu ni hii: upana mara urefu kwa mita, mara unene kwa milimita, mara 2.5.

```
0.9 x 1.8 x 6 x 2.5 = 24.3 kg
```

Hicho ni kioo cha sentimita 90 kwa 180, unene milimita 6, na hizo kilo 24 ni za kioo kitupu. Ongeza plaiwudi ya nyuma, ya milimita 9 kwa ukubwa huo inakaribia kilo 9, ongeza fremu ya mninga ambayo inaweza kufika kilo 6, jumla unacheza na kilo 39. Wengi wanahesabu kioo tu wanasahau vingine, hapo tayari umekosea karibu kilo 15. Kama kimeshatengenezwa, weka mzani wa kupimia watu sakafuni, kisimamishe juu yake kikiwa wima, mtu mmoja akishika kwa ncha za vidole tu kisianguke, soma.

Dalili ya kwanza: kioo kinashuka taratibu, au kuna ufa kwenye lipu chini ya reli

Hii ndo ya hatari kuliko zote na inakuja kimya kimya. Unaona juu ya fremu mstari wa rangi ambayo haijafifia, kama milimita 3 au 4, ambao zamani ulikuwa umefunikwa. Au asubuhi unakuta unga wa kijivu sakafuni chini ya kioo, unafagia, kesho uko tena. Au kona moja imeshuka na nyingine iko palepale. Ukiona mojawapo ya hayo kioo kishushwe leo leo, watu wawili, wamevaa glavu na viatu vya kufunika vidole, na kama nyuma hakuna plaiwudi kibandikeni tepu pana usoni kwanza ili kikivunjika vipande visitawanyike. Usiseme utasubiri fundi wikendi huku watoto wanapita hapo.

Nieleze mfano mmoja kwa kirefu maana una kila kitu ndani yake. Saluni moja Tabata, kioo ni hicho hicho cha kilo 39, kilifungwa na reli ya alumini ya dukani. Mwenyewe akaniambia "lakini boksi limeandika 100, na mimi kioo changu hakifiki hata nusu". Nikaliomba boksi. Kweli 100 ipo, ila mbele yake kuna lb, yaani ratili, sio kilo. Ratili moja ni kilo 0.45, kwa hiyo 100 ile ni kilo 45. Kioo cha 39 kwenye reli ya 45, nafasi iliyobaki ni kilo 6, na hapo ni kwenye hali nzuri kabisa. Hii ya lb naiona kila mara kwa sababu mzigo mwingi unaokuja madukani umeandikwa hivyo na namba inasomeka vizuri kuliko herufi ndogo za pembeni.

Ila hiyo sio iliyoshusha kioo. Tulipokishusha tukakuta reli yenyewe nzima, haijapinda hata kidogo. Skrubu ndo zilikuwa zimeinama, zote sita, kama zinachungulia chini. Nikachomoa moja, ikatoka na fisha yake, ile plastiki inayokaa ndani ya shimo, kwa vidole viwili. Skrubu zilizokuja na boksi zilikuwa za milimita 40. Nikapima unene wa lipu: milimita 22. Sasa piga hesabu hapo, reli imekula milimita 3, lipu imekula 22, ndani ya tofali zimeingia milimita 15 tu. Yaani kioo cha kilo 39 kilikuwa kimeshikwa na lipu, na lipu yenyewe ya mchanga mwingi, ukiikwangua na ufunguo inamwagika.

Hapo ndo nataka watu waelewe namba ya kwenye boksi inazungumzia nini. Inazungumzia ile reli, na mara nyingi ikiwa imefungwa kwenye zege au mbao nzuri, urefu wake wote, skrubu zake zote, na uzito umegawanyika sawa kwa urefu wote. Haizungumzii ukuta wako. Aliyeiandika hajui kama nyumba yako ina tofali za mashine zilizoiva au zile za kufyatua ambazo mfuko mmoja wa saruji umetoa tofali nyingi mno. Na ukikata reli nusu ili itoshe kioo kidogo, skrubu nazo zimebaki nusu, namba ya boksi haikuhusu tena. Angalia pia kama imeandikwa uzito wa kazi au uzito wa kuvunjika, maana wengine wanaandika ule ambao kitu kinakatika, na huo sio wa kutundikia kitu.

Basi namba unayoifuata ni ya kiungo dhaifu kuliko vyote, na kwenye nyumba zetu hizi kiungo dhaifu karibu kila mara ni skrubu kuingia ukutani. Watu wanagawa 39 kwa skrubu sita wanapata kilo 6 na nusu kila moja wanaona ni kidogo sana. Lakini skrubu hazibebi sawasawa hata siku moja. Reli ikiwa na kibonyeo kidogo katikati, mbili za pembeni zinabeba karibu zote. Mimi napanga kana kwamba skrubu mbili zozote zinaweza kujikuta na mzigo wote peke yake, yaani kilo 20 kila moja, na bado ziwe na nguvu ya kubaki.

Kingine, mshazari ule wa digrii 45 haupeleki uzito chini tu. Sehemu yake inageuka kuwa nguvu ya kuivuta mbao ya ukutani ije nje, hasa kama mgongo wa kioo haugusi vizuri uso wa ile mbao. Kwa hiyo skrubu inapambana na mambo mawili, kukatwa kwenda chini na kuchomolewa, na fisha iliyokaa kwenye lipu ni dhaifu zaidi kwenye kuchomolewa.

Dawa tuliyofanya pale: reli ya alumini tukaiweka pembeni, nikachana pacha za mninga, unene milimita 20, ya ukutani urefu sentimita 80. Skrubu mpya milimita 100, nene ya milimita 6, na fisha namba 10. Hesabu yake ni 20 za mbao, 22 za lipu, zinabaki 58 ndani ya tofali. Na fisha haiishii usawa wa lipu, unaisukuma kwa msumari mpaka ivuke lipu yote ianze ndani ya tofali, huo mchezo mdogo ndo umebeba kazi nzima na mafundi wengi hawaufanyi. Mashimo sita, ya mwisho yakiwa sentimita 5 kutoka ncha, kwa hiyo kila baada ya sentimita 14. Tulihama na mashimo ya zamani kwa sentimita 10 kwenda juu, maana tofali iliyolegea pale haishiki tena.

Unene wa lipu unaujuaje kabla ya kutoboa? Zima umeme kwenye meni switi, fungua kava la soketi iliyo kwenye ukuta huo huo, chungulia pembeni ya boksi lake, utaona lipu inaishia wapi na tofali linaanzia wapi. Wakati hapo hapo angalia bomba la waya linaelekea wapi, kawaida linapanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi, usitoboe kwenye njia hiyo.

Dalili ya pili: unakaza skrubu, inazunguka tu bila kukaza

Fisha inazunguka ndani ya shimo. Sababu ya kawaida ni shimo kuwa pana kuliko fisha, na mara nyingi sio kwamba fundi amechagua biti kubwa, ni kwamba drili imeyumba au imewekwa kwenye kugonga kwenye tofali laini, shimo likamomonyoka likawa kama faneli. Kwenye tofali laini zima ile ya kugonga, toboa kwa kuzungusha tu, inachukua dakika mbili zaidi lakini shimo linatoka safi. Sababu nyingine ni vumbi: shimo limejaa unga na fisha imekaa juu ya unga. Puliza na pampu ya baiskeli mpaka pasitoke kitu. Na toboa milimita 10 zaidi ya urefu wa skrubu ili unga unaobaki uwe na pa kukaa.

Ukiwa unatoboa halafu biti ikaingia ghafla kama imepotea, hilo ni tofali lenye tundu ndani. Fisha ya kawaida hapo haina cha kusukumana nacho. Kuna zinazojikunja fundo nyuma zikikazwa, na kuna gundi ya kuingiza kwenye shimo na soksi yake ya nyavu, hiyo ya pili ndo naiamini kwa kioo kizito, ila uiache ikauke muda ulioandikwa kwenye kopo bila kuharakisha. Njiti za kiberiti, karatasi iliyokunjwa, saruji ya kubandika juujuu, hivyo naomba msivifanye kwa kitu cha kilo 39. Skrubu itakaza, utafurahi, na hujui inashika nini.

Kama ukuta mzima ni mbovu, tazama juu. Nyumba nyingi zina renta inayozunguka usawa wa juu ya milango, hiyo ni zege. Ukiweza kupandisha mbao ya ukutani ikaingia kwenye renta, unatoka kwenye tofali za mashaka unaenda kwenye kitu kigumu, hapo sasa drili iweke kwenye kugonga. Ukigusa nondo usilazimishe, sogea sentimita 3 pembeni.

Dalili ya tatu: mlango ukifungwa kioo kinagonga ukuta, au kimelala kwa ndani kwa chini

Hapa aliyefunga amesahau ubao wa chini. Pacha zimekisogeza kioo mbali na ukuta kwa upande wa juu, kama milimita 20, na chini hakuna kitu, kwa hiyo chini kinaingia ndani mpaka kiguse. Watu wanaona ni suala la muonekano tu, uso unaonekana mrefu au mfupi. Tatizo kubwa liko juu: kioo kikilala, mshazari wa pacha haukutani tena uso kwa uso, unagusana kwa ncha tu, uzito wote umekaa kwenye ukingo mwembamba wa mbao. Ukingo huo unapasuka kufuata nyuzi. Kwenye alumini mdomo unaanza kufunguka taratibu.

Dawa ni ubao wa unene ule ule kabisa wa pacha, unafungwa nyuma ya fremu karibu na ukingo wa chini, na vipande viwili vya mpira au vile vya kitambaa vya miguu ya viti. Kata kutoka ubao ule ule uliochana pacha, usitafute mwingine "unaofanana", tofauti ya milimita 3 inatosha kurudisha tatizo.

Na mbao ya juu iwe juu kweli, kwenye robo ya juu ya kioo. Nimeshakuta mtu kaifunga chini ya katikati, kioo kinataka kupinduka kije mbele kila kikiguswa.

Dalili ya nne: pacha hazikai vizuri, kioo kinabaki juu juu au kinateleza pembeni

Hii ni fupi. Vichwa vya skrubu vimetokeza, pacha ya kioo inakalia vichwa badala ya mshazari. Zamisha vichwa vyote mpaka ukipitisha kidole usihisi kitu. Kama vimezama na bado, angalia msumeno: pacha zikichanwa mara mbili kwa mipangilio tofauti pembe hazilingani, lazima zitoke kwenye mchano mmoja. Kuteleza pembeni ni pimamaji haikutumika. Nyoosha, halafu kwenye ncha mbili za mbao ya ukutani weka skrubu ndogo ya kuzuia kioo kisitembee.

Dalili ya tano: ukuta mzima, reli nzima, ila kioo kinaachana na fremu

Unaona kona ya juu ya fremu imefunguka mwanya, au silikoni inavutika kama bigijii. Hapa watu wanasahau kwamba pacha ya nyuma nayo imefungwa kwenye kitu. Ikiwa imefungwa kwenye plaiwudi ya milimita 4 iliyopigwa pini kuzunguka fremu, basi kilo 39 zinaning'inia kwenye pini. Pacha ya nyuma inatakiwa ishike mbao za pembeni za fremu zenyewe, pande zote mbili, kwa skrubu, na iwe imevuka kutoka upande mpaka upande. Na kioo kikae ndani ya fremu, chini yake kuwe na mbao inayokibeba. Silikoni kazi yake ni kukituliza kisicheze, sio kukibeba. Mkitumia silikoni kwenye kioo chukueni ile isiyo na harufu kali ya siki, maana ile ya siki inakula rangi ya fedha ya nyuma, baada ya miezi mnaanza kuona madoa meusi mnadhani kioo ni feki.

Kama ukuta wako ni wa jipsamu

Jipsamu bodi yenyewe haibebi kioo cha namna hii, hata fisha zake maalumu zenye namba kubwa kwenye pakiti. Skrubu ziingie kwenye fremu iliyo nyuma, kawaida nguzo zake zimesimama kila sentimita 40 au 60, zitafute kwa sumaku ndogo, inanasa kwenye skrubu zilizoshika bodi. Uzuri wa mbao pacha ni kwamba inaweza kuwa ndefu ikavuka nguzo mbili au tatu. Kama fremu ni ile chuma nyembamba ya bati, afadhali mfungue bodi, muweke ubao mzito kati ya nguzo, mfunge tena. Mkikataa hilo, kioo kisimame sakafuni na pacha zifanye kazi ya kukizuia kisianguke tu. Sio aibu, na mimi kwa zaidi ya kilo 40 kwenye jipsamu nashauri hivyo moja kwa moja.

Jaribu kwa maji kwanza

Kabla ya kupandisha kioo mimi natundika madumu. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20 na ushee. Nachukua kipande kilichobaki cha pacha ya kioo, nakitoboa, napitisha kamba, nakitundika kwenye mbao ya ukutani kama vile kioo kingekaa. Kwa kioo cha kilo 39 natundika madumu manne, yaani mara mbili ya uzito, nikianza mawili pembeni kushoto, halafu mawili kulia, yawe sentimita 10 tu juu ya sakafu ili yakianguka yasivunje tiles. Kabla ya hapo nachora mstari mwembamba wa penseli ukutani kwenye ukingo wa chini wa mbao. Naacha usiku mzima. Asubuhi naangalia mstari: mbao ikiwa imeufunika, hata kwa unene wa mstari wenyewe, nafungua naanza upya sehemu nyingine.

Pale Tabata tulitundika saa kumi na mbili jioni, mwenye saluni akafunga mlango. Asubuhi mstari ulikuwa unaonekana wote, sakafuni hamna unga. Tukapandisha kioo watu wawili, mtu wa tatu akiwa pembeni na tochi anaangalia kama pacha zimeingia urefu wote, maana ukiwa umebeba huwezi kuona. Ule mstari sikuufuta. Nilimwambia kila mwezi achungulie kwa tochi ya simu kutokea pembeni.